Dakika Tatu za Kunyamaza

Pale kijiweni nilikuwa na sifa moja, na nilijivunia hasa: simu ya kazi haijawahi kulia kibandani kwangu ikakosa jibu. Wengine walijisifia ng'ombe, wengine watoto waliosoma. Mimi nilijisifia kidole changu cha gumba.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, mita chache chini ya geti la hospitali, Tarime mjini. Nachaji simu, nauza vocha, sabuni na karanga. Mbele yangu kuna kijiwe cha bodaboda, na kati ya vijana wa pale wanne walikuwa na kazi ya pili. Walivaa makoti yenye namba mgongoni na walikuwa na masanduku ya baridi ya kubebea damu, chanjo na sampuli za maabara kupeleka vituo vya afya vijijini. Kazi hiyo haikuwepo kila saa. Katikati walibeba abiria kama bodaboda yeyote.

Kazi iliingia kwa ujumbe. Simu ililia mlio wake wa pekee, mkali kama wa kuku aliyekanyagwa, na maandishi yakasema ni mzigo gani, unachukuliwa wapi, unapelekwa wapi. Chini yake: bonyeza 1 kukubali, 2 kukataa, una dakika tatu. Dakika tatu zikipita kimya, mfumo haukugombana na mtu. Ulichukua kazi ile ukaitupa kwa dereva wa pili, naye akapewa dakika zake tatu, kisha wa tatu, kisha wa nne. Wote wakinyamaza, simu ya mratibu wa kazi hiyo ilianza kulia ofisini kwake hospitalini, naye akaanza kuwapigia mmoja mmoja.

Ukikubali, mlango ulifungwa. Wenzako hawakuona kitu. Mfumo ulijua kazi ina mwenyewe, ukatulia kumsubiri aseme amechukua mzigo. Kwa hilo ulimpa nusu saa nzima kabla ya kumshtua mratibu.

Vijana hawakupenda kunyamaza. Ukikosa kujibu mara tatu kwa siku, ulishushwa mwisho wa foleni mpaka kesho yake. Simu zao zilikuwa zinachajiwa kwangu, wao wako mtoni wanaosha pikipiki, au kwa mama ntilie wanakula ugali wa mtama. Basi nikaanza kuwasaidia. Simu ikilia nabonyeza moja, halafu nagonga rimu ya gari niliyoitundika kwenye nguzo ya kibanda. Naigonga kwa spana, mtaa wote unasikia, na mwenye simu anakuja mbio akifunga koti. Kila mmoja alikuwa na mapigo yake: wa kwanza pigo moja, wa pili mapigo mawili, hivyo hivyo mpaka wanne. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakuna aliyetuuliza. Nilijiona sehemu ya hospitali. Dada mmoja wa usafi aliwahi kuniita daktari wa mabati, nikacheka, lakini moyoni nilikubali.

Wa kwanza, yule wa pigo moja, ndiye niliyempenda zaidi. Nitasema ukweli. Alikuwa na umri wa mwanangu niliyemzika, na alinisalimia shikamoo hata akipita mara tano kwa siku. Lakini alikuwa na mkosi na ile kazi. Mara mbili alikubali halafu akaachia: mara moja pancha, mara ya pili mvua ilikata barabara. Kuachia baada ya kukubali kulikuwa kosa kubwa kuliko kunyamaza, na mfumo haukutaka kusikia habari za pancha. Mratibu alimwonya kwamba ya tatu atavua koti. Mke wake alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya jua. Saa nne asubuhi alikuja na simu yake ya kazi ikiwa imebaki na chaji kidogo.

"Mama, nichajie. Namsogeza huyu jamaa hapo tu, narudi sasa hivi."

Nyuma yake alikaa mchimbaji mmoja, mgeni, na mfuko wa salfeti mapajani. Nilipaswa kuuliza hapo tu ni wapi. Huku kwetu "hapo tu" inaweza kuwa nyuma ya duka na inaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Sikuuliza. Nilichomeka simu na kuendelea kupima karanga.

Haikupita robo saa ikalia.

Nilisoma haraka nikiwa tayari nimeshabonyeza. Damu chupa mbili, haraka. Chukua maabara ya hospitali. Peleka kituo cha afya, upande wa Nyanungu. Ujumbe wa pili ukaingia papo hapo: umekubali, namba yako ya kuchukulia mzigo ni hii, na tarakimu nne; ukitaka kuachia, bonyeza 4. Nikachukua spana, nikagonga pigo moja. Nikasubiri. Nikagonga tena.

Hapo kijiweni alikuwepo mtu mmoja tu, dereva wa pili, yule wa mapigo mawili. Alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, anamenya muwa kwa meno. Koti lake lilikuwa mwilini na simu ya kazi mfukoni. Aliniangalia.

"Huyo humpati leo, mama."

"Kwa nini?"

"Kaenda Matongo. Na ule mfuko wa mawe."

Matongo! Kwenda na kurudi, hata angeruka, asingefika kabla ya saa moja na nusu kupita. Simu yake nyingine, kitochi chake, niliipiga hapo hapo. Haipatikani. Nikapiga tena. Yule dada wa kwenye mtandao akanijibu kwa upole ule ule unaotia hasira.

Sasa nieleze jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Mtu wa kupeleka ile damu alikuwa mbele yangu, hatua tatu, na hakuwa na kazi zaidi ya muwa. Laiti ningeacha simu ilie peke yake, dakika ya nne ingelia mfukoni mwake. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kidole, kwa wema wangu. Na nilipolijua hilo sikumwambia. Hao wawili hawakuelewana, walikuwa na ugomvi wao wa abiria, na nilijua akijua tu atapanda kwa mratibu kusema. Nikaona koti la mwanangu linavuliwa, maana nilikuwa nimeshaanza kumwita mwanangu kichwani. Nikajidanganya kwamba labda amegeuka njiani. Labda mchimbaji ameshuka mapema. Nikasimama barabarani, mkono juu ya macho kukinga jua, nikitazama vumbi la kila pikipiki.

Saa ya simu ilisema dakika kumi na moja zimepita. Kumi na moja! Mfumo ulikuwa umetulia tuli. Uliniamini.

Ndipo nikawaza kule damu inakopelekwa. Chupa mbili, haraka. Nimezaa watano, najua haraka ya kituo cha afya inahusu nini mara nyingi. Nilimwona mwanamke kitandani, miguu imeinuliwa, na nesi anayechungulia dirishani kama mimi ninavyochungulia barabara. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa nilikuwa naficha mimi, na wa kufa ni mwingine.

"Mura!" nilimwita yule wa pili, kama tunavyowaita vijana huku kwetu. "Amka. Kuna damu."

Nilimweleza kwa maneno machache. Alishusha miguu, akatema muwa.

"Umekubali wewe?"

"Nimekubali mimi. Chukua simu yake, namba iko hapa. Nenda dirisha la maabara, sema ni wewe."

Hakubishana, na kwa hilo namheshimu mpaka kesho. Aliwasha pikipiki akapanda kile kilima cha geti. Mimi nilibaki nimeshika ubao wa kibanda, na pale nikaanza kupumua. Nikajisifu hata! Nikasema, unaona, akili ni mali. Koti limepona na damu inakwenda.

Dakika zikapita, na geti halikumtoa. Njia ya kwenda Nyanungu inapita mbele yangu, lazima ningemwona. Nilipohesabu dakika saba nikaacha kibanda wazi, karanga juu ya meza, sabuni na kila kitu, nikapanda kilima kwa miguu. Sijakimbia tangu shule ya msingi. Kanga ilinifunguka, nikaishika kwa mkono.

Nilimkuta kwenye dirisha la maabara, uso umemwiva. Ndani alikuwepo kijana wa maabara, mpole, mwenye miwani. Chupa mbili zilikuwa nyuma yake kwenye meza, tayari, karatasi imefungwa kwa utepe. Nilizipitia kwa macho. Vifuko vyenyewe vidogo, rangi nyeusi nyeusi.

"Nimemwambia namba ninayo," alisema dereva. "Anataka koti namba moja."

"Shikamoo mama," kijana wa maabara alinisalimia, kisha akasema kwa sauti ile ile, "Namba ni ya dereva wa kwanza. Huyu ni wa pili. Damu siitoi kwa mtu ambaye mfumo haumjui. Ikipotea, ikichanganywa, ikikaa juani, namuuliza nani?"

"Muulize mimi!"

"Wewe ni nani, mama?"

Nilitaka kumtukana, Mungu anisamehe, tusi lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alikuwa na haki. Mimi ni nani? Mchaji simu. Sikuwa kwenye mfumo wowote, na bado mfumo mzima ulikuwa umesimama kwa sababu yangu.

"Aachie," alisema yule kijana. "Akiachia, itatoka upya. Ni suala la sekunde."

Dereva wa pili alikuwa na simu mkononi. Hakuibonyeza. Alinitazama, na usoni mwake sikuona ule ugomvi wa abiria.

"Mama, nikibonyeza nne mwenye simu hii kazi hana. Unajua hilo."

"Najua."

"Ni ya tatu."

"Najua! Lete."

Nilimnyang'anya. Gumba lile lile. Nilibonyeza nne, simu ikauliza kama nina hakika, kana kwamba nilihitaji kuulizwa, nikabonyeza tena. Ukaja ujumbe: umeachia kazi.

Kisha mfukoni mwa koti la yule wa pili, kuku akalia.

Alibonyeza moja. Namba mpya ikaja, akaisoma, kijana wa maabara akaiandika, akaweka chupa kwenye sanduku la baridi na barafu zake, akafunga. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Niliangalia saa wakati pikipiki inatoka getini. Tangu nilipobonyeza moja zilikuwa zimepita dakika ishirini na sita. Kama ningenyamaza, angekuwa ameondoka ndani ya dakika sita au saba. Dakika ishirini ni zangu. Mtu mwingine hana hisa humo.

Nilirudi kibandani. Karanga zilikuwepo zote. Hakuna aliyegusa, na hilo nalo liliniumiza, sijui kwa nini.

Saa saba kasoro alirudi yule wa Matongo, vumbi mpaka kwenye kope, anacheka. Alinyoosha mkono kuchukua simu yake. Nikamwambia yote bila kumkalisha. Kicheko kilimwisha polepole. Alikaa kwenye kreti ya soda, akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine: umekubali, umeachia, na wa mwisho kutoka kwa mratibu, afike ofisini na koti.

Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kujibu, maana ningeweza kumwambia nani alimtuma Matongo akiwa zamu. Hakupandisha sauti.

"Ungenyamaza tu, mama," alisema. "Ingeenda kwa mwenzangu."

Basi. Alivua koti akalikunja vizuri, namba ndani, akapanda kilima nalo kwapani.

Mchana ule ule nilimfuata mratibu. Ni mama wa makamo, mgeni wa mkoa huu, hapendi maneno mengi. Nilimwambia kosa ni langu, kidole ni changu, koti amrudishie mwenyewe. Nilimweleza na habari za rimu na mapigo. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu juu ya meza.

"Mwaka mzima?" aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Mama, mimi kimya sikiogopi. Nimekipangia. Mtu asipojibu najua cha kufanya. Wewe ulinijibu ndiyo ya mtu ambaye hayupo. Hiyo sikuipangia."

Koti hakulirudisha. Alisema simu ya kazi aliyekabidhiwa ni yule kijana, siyo mimi, na aliiacha. Nilimuuliza kuhusu mgonjwa. Akasema damu ilifika, mama yuko hai na mtoto yuko hai. Lakini damu ilikuwa imemtoka mno, na daktari kule hakuweza kuendelea kusubiri. Walimtoa kizazi. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

"Ni zile dakika?" niliuliza.

"Hakuna anayeweza kukuambia," alisema. Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko karipio.

Nilishusha rimu kwenye nguzo siku ile ile. Vijana walilalamika wiki nzima. Nikawaambia, simu yako ni yako, ikilia kwangu italia yenyewe. Wakaniona nimebadilika, nimekuwa na roho mbaya. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ndoo unaweza kuiondoa njiani.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja alisimama mbele ya kibanda mwanamke ambaye simjui, mwembamba, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alinisalimia shikamoo akiinama, mkungu haukutikisika. Aliuliza kama mimi ndiye mama wa simu. Nikasema ndimi.

"Niliambiwa na dereva aliyeniletea damu," alisema. "Alisema kuna mama chini ya geti aliacha biashara yake wazi akakimbia kilima mpaka damu ikatoka. Nimekuja kliniki, nikasema nisipite hivi hivi."

Alishusha mkungu akauweka juu ya meza yangu, juu ya karanga. Ndizi nene, za kupika, bado na utomvu. Yule dereva wa pili hakuwa amesema uongo. Alisema nusu tu, nusu nzuri, kwa kunihifadhi. Ningeweza kushika mkono wake, nikapokea, nikamwombea mtoto baraka, akaenda zake na furaha yake. Nani angejua? Moyo wangu uliniambia nyamaza. Safari hii niliona kunyamaza ni wizi.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu gumba, na yule aliyekwenda Matongo, na yule aliyekuwa anamenya muwa hatua tatu kutoka nilipo. Nilizungumza nikiangalia ndizi. Mtoto alikuwa amelala na mdomo wazi.

Alipapasa mguu wa mtoto mgongoni. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji na kuihesabu. Alimsogeza mtoto mgongoni, akakaza kanga. Kisha akainama, akashika mkungu wake kwa mikono miwili, akaurudisha kichwani.

"Asante kwa kuniambia," alisema, akateremka barabarani. Nilimtazama mpaka kwenye kona. Utomvu ulibaki mezani, na utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni. Doa liko mpaka leo.

Nilikuwa bado nalitazama, simu ya dereva wa pili ikalia kwenye chaji. Mlio ule ule. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa amevuka barabara kununua chapati. Sikusoma imeandikwa nini. Niliweka mikono yangu yote miwili chini ya mapaja, nikaikalia. Dakika ya kwanza. Ya pili nilisikia jasho likinishuka mgongoni. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa mtoto wangu wa mwisho, na nilikuwa naomba kwa Kikurya, kwa sauti, watu wakipita. Halafu simu ikanyamaza. Juu ya kilima, upande wa geti, nikasikia pikipiki ya dereva mwingine inawashwa.